Bahari ya Chumvi: Maji Yanayokataa Kumzamisha Mtu

Mwaka 68 baada ya Kristo, Vespasiano, jemadari wa Kirumi ambaye mwaka uliofuata alitawazwa kaisari, alifika na jeshi lake kwenye Bahari ya Chumvi. Alikuwa amesikia kwamba maji yake hayamzamishi mtu, akataka kuona kwa macho yake. Mwanahistoria Yosefo, aliyeandika habari za vita vile, anasimulia kwamba Vespasiano aliamuru watu wasiojua kuogelea wafungwe mikono kwa nyuma na kutupwa mahali penye kina. Wote waliibuka wakaelea, kana kwamba upepo ulikuwa ukiwasukuma kutoka chini.

Siku hizi watalii hufanya jambo hilohilo kwa hiari yao na bila kufungwa kamba. Mtu analala chali juu ya maji, vidole vya miguu vikichungulia angani, anafungua gazeti na kusoma. Hapigi makasia kwa mikono wala hatikisi miguu. Mtu huyohuyo akihamia kwenye Ziwa Viktoria na kujaribu kusoma gazeti kwa mtindo ule, ukurasa wa kwanza utalowa kabla hajamaliza kichwa cha habari. Mwili ni uleule, na kwa macho maji nayo yanafanana. Tofauti iko kwenye uzito wa maji yenyewe.

Bahari ya Chumvi ni ziwa lililo kati ya Yordani upande wa mashariki na Israeli na Ukingo wa Magharibi upande wa pili. Uso wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, na hakuna ukingo wa nchi kavu duniani ulio chini kuliko huo. Mto Yordani unaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kupanda angani kama mvuke chini ya jua kali la bonde lile. Mvuke hauchukui chumvi. Kila tone linalopaa huacha nyuma chumvi kidogo iliyoletwa na mto, na kazi hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka.

Matokeo yake yanapimika. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi za chumvi. Lita moja ya Bahari ya Chumvi ina gramu 340 hivi, yaani karibu mara kumi. Tena sehemu kubwa ya chumvi hiyo si ile ya mezani. Iliyo nyingi zaidi ni kloridi ya magnesi, ndiyo maana maji yale ni machungu mdomoni na yanateleza vidoleni kama yamechanganywa na mafuta.

Sasa twende kwenye mizani. Lita moja ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina kilo 1.025. Lita moja ya Bahari ya Chumvi ina kilo 1.24. Ukiitazama vizuri lita hiyo ya mwisho, utakuta ndani yake kuna gramu 900 hivi za maji na gramu 340 za chumvi. Kwa maneno mengine, ili chumvi ya gramu 340 ipate nafasi, maji yaliyopisha ni gramu 100 tu. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika katika chembe ndogo mno zinazojibana katikati ya chembe za maji. Chombo kinabaki kilekile, lakini mzigo uliomo unaongezeka.

Uzito huo ndio unaombeba muogeleaji. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Arkimedi wa Sirakusa, mji wa kisiwa cha Sisilia, alieleza kanuni ambayo hadi leo hufundishwa shuleni: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Mtu anapoingia ziwani, mwili wake unayapisha maji kando. Maji hayo yakiwa mazito kama yeye kabla hajazama wote, anaelea, na sehemu iliyobaki ya mwili inakaa juu. Yakiwa mepesi kuliko yeye hata baada ya mwili wote kuzama, anakwenda chini.

Tumchukue mtu mzima mwenye kilo 70. Akivuta pumzi na kujaza mapafu, mwili wake unachukua nafasi ya lita 71 hivi. Katika Ziwa Viktoria anahitaji kuondoa lita 70 za maji ili yalingane na uzito wake. Inabaki lita 1 tu ya mwili juu ya maji. Kichwa peke yake kina lita 4 au 5, kwa hiyo lita moja hiyo inatosha uso na si zaidi. Ndivyo anavyoonekana mtu aliyetulia chali kwenye maji baridi: masikio yamezama, pua na mdomo viko juu, na miguu inashuka polepole kwa sababu imejaa misuli na mifupa na haina hewa.

Kisha anatoa pumzi yote. Hewa ya lita 3 inaondoka, na mwili unabaki na lita 68. Hata akizama wote, maji aliyoyaondoa yana kilo 68, naye ana kilo 70. Zimepungua kilo 2, na hizo zinatosha kumpeleka chini. Kwenye maji baridi, basi, kuelea au kuzama kwa mtu huyu kunategemea pumzi iliyo kifuani mwake.

Akienda pwani, mambo yanakuwa nafuu kidogo. Katika Bahari ya Hindi anahitaji kuondoa lita 68 na kidogo tu, kwa hiyo akiwa na pumzi anabakiwa na lita 2.7 juu ya maji badala ya lita 1. Ndiyo sababu mtu aliyejifunza kuogelea baharini Bagamoyo au Lamu huona ziwa linamchosha zaidi.

Katika Bahari ya Chumvi hesabu inabadilika kabisa. Kilo 70 zinapatikana kwa kuondoa lita 56.5 tu. Lita 14.5 za mwili, yaani sehemu moja kati ya tano, zinabaki juu: kichwa, mabega na sehemu ya kifua kwa aliyesimama, uso, kifua, magoti na vidole kwa aliyelala. Hata akitoa pumzi yote, bado zaidi ya lita 11 haziwezi kuzama. Hao waliotupwa na Vespasiano wangepiga kelele mpaka mapafu yakauke na wasingezama.

Hesabu hii inatofautiana mtu kwa mtu. Mafuta ya mwilini ni mepesi kuliko maji, ilhali misuli ni mizito kidogo na mifupa ni mizito zaidi. Mtu mnene huelea kwa urahisi hata ziwani, na mwanamichezo mkavu mwenye misuli anaweza kuzama akiwa amejaza mapafu. Kisichobadilisha chochote ni kina. Wapo wanaoamini kwamba maji marefu humbeba mtu vizuri kuliko mafupi. Hayambebi zaidi. Kinachohesabiwa ni maji aliyoyaondoa kwa mwili wake, si yale yaliyolala mita 50 chini ya miguu yake.

Asiyeamini ana yai jikoni. Alitumbukize yai bichi, lililotagwa karibuni, katika nusu lita ya maji ya kawaida, litakaa chini. Aongeze chumvi kijiko cha chakula kimojakimoja, akikoroga mpaka iyeyuke. Kwenye kijiko cha tatu au cha nne yai litaanza kunyanyuka, kwanza likisimama upande wake mnene wenye hewa ukiwa juu, kisha likipanda mpaka juu. Yai la zamani halifai kwa jaribio hili, kwa kuwa hewa iliyoingia ndani yake huliinua hata bila chumvi.

Kuelea kirahisi hakumaanishi usalama. Watu hufa maji hata katika Bahari ya Chumvi, na mara nyingi ni kwa sababu ya nguvu ileile inayowainua. Maji yakimfika kifuani, miguu huachana na chini na kurushwa juu. Aliyelala kifudifudi anakuta miguu na makalio vimenyanyuliwa, kichwa kimeinamia majini, na kila akijaribu kusimama miguu inarudi juu. Akimeza maji yale, magnesi na kalsi huzidi katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Yakiingia mapafuni huyadhuru vibaya. Kwa hiyo wanaokwenda huko huambiwa waingie kinyumenyume na kujiketisha taratibu kama wanaokalia kiti. Wakitaka kutoka, wavute magoti kifuani kwanza, ndipo washushe miguu. Kuogelea kwa tumbo hakuruhusiwi, na tone likiingia jichoni linawasha vikali.

Afrika Mashariki haikosi maji ya aina hiyo. Ziwa Assal la Jibuti, lililo mita 155 hivi chini ya usawa wa bahari, lina chumvi nyingi kama Bahari ya Chumvi yenyewe, na kingo zake ni nyeupe kwa chumvi iliyoganda. Ziwa Natroni la kaskazini mwa Tanzania na Ziwa Magadi la Kenya nayo yana maji mazito, lakini uzito wake unatokana zaidi na magadi, ambayo huunguza ngozi na macho. Si mahali pa kwenda kujaribu kuelea.

Wengi wetu, hata hivyo, tunasafiri na kuvua katika Viktoria, Tanganyika na Nyasa, na yote matatu ni maji baridi. Huko tumeona kwamba mtu wa kilo 70 hupungukiwa kilo 2 akiishiwa pumzi, na kilo chache zaidi ili kichwa chote kibaki juu. Jaketi okozi hufidia pengo hilo kwa kanuni ileile ya Arkimedi: linaongeza ukubwa wa mwili bila kuongeza uzito wa maana, na majaketi mengi ya watu wazima yanaweza kuinua kilo 10 hivi. Kama unapanda mtumbwi au boti ziwani, livae na ulifunge kamba zake kabla chombo hakijaondoka ufukweni. Likiwa limekunjwa chini ya benchi halimwinui mtu.