Nyuzi za Mfukoni Zinapoziba Tundu la Hedifoni

Hedifoni inachomekwa, lakini muziki unaendelea kutoka kwenye spika ya simu. Ikijaribiwa kwenye simu nyingine, inafanya kazi vizuri. Basi tatizo limo ndani ya tundu.

Tundu hilo hupokea pini ya milimita 3.5. Nyuzi za mfukoni huingia humo, na kila pini inapochomekwa huzishindilia chini. Mwishowe pini haifiki mwisho: hubaki imechomoza kidogo, wala hailii "tik". Vibati vya ndani visipoguswa inavyotakiwa, simu haitambui hedifoni.

Simu izimwe, tundu limulikwe kwa tochi, nyuzi zichokolewe taratibu kwa kijiti chembamba cha meno. Sindano hukwaruza vibati. Kupuliza kwa mdomo huingiza unyevu.