Bodi Imepiga Shoti: Jinsi ya Kuisoma Barua ya Fundi

Mteja akiambiwa "bodi imeungua", bado hajaambiwa kitu. Maneno hayo yanaweza kuwa na maana ya kapasita ndogo kuliko punje ya mchele, au prosesa iliyokufa kabisa. La kwanza hutengenezwa kwa makumi ya elfu. La pili kwa kawaida humaanisha kununua bodi nyingine au kompyuta nyingine. Ndiyo maana fundi makini huandika barua, na mteja makini huisoma kabla ya kutoa pesa.

Hii hapa barua ya mfano, kama ambavyo ingeandikwa na fundi wa Kariakoo kwa mwalimu aliyeacha kompyuta mpakato isiyowaka. Bei ni za mfano huu tu.

*Mwalimu, shikamoo.*

*Kompyuta yako tumeifungua na kuipima. Chaja ni nzima, inatoa volti 19.5, lakini ukiichomeka kwenye kompyuta taa yake inazima. Tatizo liko kwenye mazabodi: laini kuu ya umeme imepiga shoti, inasoma omu 0.4. Tulipopitisha volti 1 kwenye laini hiyo, kapasita moja iliyo karibu na chipu ya kuchaji ilipata moto. Laini ya prosesa haina shoti, na transista zinazoilisha ni nzima. Hatukuona alama ya maji wala kutu. Diski inatambulika, ila imefungwa kwa BitLocker.*

*Njia ya kwanza: kubadilisha kapasita hiyo, sh. 60,000, dhamana miezi 3. Tukiitoa na shoti ikabaki, tutasimama na kukuuliza kwanza. Ya pili: kuweka mazabodi iliyotumika ya namba ileile, sh. 230,000, na ufundi sh. 40,000, dhamana mwezi 1. Ya tatu: kompyuta nyingine iliyotumika ya daraja hilohilo, sh. 550,000.*

*Gharama ya uchunguzi ni sh. 20,000 kwa njia yoyote utakayochagua. Tunashauri ya kwanza. Tunasubiri jibu lako.*

Sasa tuisome polepole. Umeme wa chaja ukiingia kwenye kompyuta hupita kwenye laini kuu ya takriban volti 19. Laini hiyo ni kama bomba kuu la maji la mtaa: kutoka hapo kila sehemu hupata mgawo wake uliopunguzwa, volti 5 na 3.3 kwa baadhi ya saketi, na takriban volti 1 tu kwa prosesa. Bomba likipasuka mahali pamoja, mtaa mzima hukosa maji. Vivyo hivyo, kipande kimoja kikipiga shoti kwenye laini kuu, umeme wote hukimbilia ardhini. Chaja huhisi hatari hiyo na kujizima ili isiungue, na hiyo ndiyo sababu taa yake ilizimika.

Kwenye bodi nzima, kipimo kati ya laini kuu na ardhi huwa maelfu ya omu. Omu 0.4 ni sawa na waya uliounganishwa moja kwa moja, kwa hiyo hapo hakuna ubishi kwamba kuna shoti. Ubishi uko kwenye swali la pili: shoti iko wapi? Laini hiyo ina kapasita nyingi zilizofungwa sambamba, na mita huonyesha omu 0.4 popote utakapogusa. Hapo fundi huleta pawasapulai yake ya mezani na kupitisha volti ndogo. Kwa hesabu ya kawaida, volti 1 ikigawanywa kwa omu 0.4 hutoa ampea 2.5, yaani wati 2.5 za joto, na sehemu kubwa yake hukusanyika kwenye kipande kibovu. Fundi mwenye kamera ya joto ataliona doa. Asiye nayo humwagia bodi spiriti kidogo na kutazama inapokauka kwanza.

Kwa nini volti 1 na si 19? Kwa sababu kama kipande kibovu ni transista ya juu inayoilisha prosesa, volti 19 zingepita humo moja kwa moja na kuiua prosesa ambayo huenda bado ni nzima. Fundi anayewasha bodi yenye shoti kwa chaja yake, tena na tena, "kuona kama itashika", anacheza na kipande cha ghali kuliko vyote. Sentensi ya barua inayosema transista za prosesa ni nzima ndiyo yenye thamani kubwa kwa mwalimu, maana inaonyesha kuwa huenda madhara hayakufika huko.

Kuna mtego mwingine. Laini ya prosesa yenyewe husoma omu chache tu hata ikiwa nzima, na kwenye prosesa zenye nguvu inaweza kushuka chini ya omu 1. Fundi mchanga hulia "prosesa imekufa" kwa kipimo hicho. Muulize kama amelinganisha na bodi nzima ya aina hiyohiyo, au na mchoro wa bodi.

Barua haisemi "umeme umepiga", na ni haki isiseme. Kapasita za kauri zina tabaka nyembamba za chuma zilizotenganishwa na kauri. Bodi ikipindishwa au kompyuta ikianguka, kauri hupata ufa na tabaka hugusana. Umeme uliozidi unaweza kuleta matokeo hayohayo. Kwa kutazama kapasita iliyokufa, aghalabu huwezi kujua chanzo ni kipi.

Tuje kwenye pesa. Mwalimu akichagua njia ya kwanza na ikafaulu, atalipa 80,000 pamoja na uchunguzi. Ikishindikana akahamia ya pili, atalipa 290,000, maana barua inaonyesha fundi atasimama kabla ya kudai 60,000. Njia ya tatu ni 570,000. Kwa kuwa shoti imepatikana na bodi ni kavu, kuanza na ya kwanza ni busara. Kama bodi ingekuwa na kutu ya chai au maji, hesabu ingebadilika: kutu hujificha chini ya chipu na kuendelea kula, na dhamana ya miezi 3 isingekuwa ya kuaminika.

Kabla ya kukubali njia ya pili, angalia umri wa kompyuta. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, kwa ujumla inahitaji prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Mara nyingi prosesa ya mpakato imelehemewa kwenye bodi, hivyo kulipa 270,000 kwa bodi yenye prosesa ya kizazi cha 6 ni kununua mwisho wa safari.

Halafu kuna BitLocker. Funguo zake hutunzwa kwenye chipu iliyo kwenye mazabodi au ndani ya prosesa. Bodi ikibadilishwa, diski itadai namba ya kurejesha yenye tarakimu 48, na fundi hana jinsi ya kuikwepa. Kwa wengi namba hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, na hutazamwa hata kwa simu kupitia `aka.ms/myrecoverykey`. Itafute kabla bodi ya zamani haijatupwa, kwa sababu bodi hiyo ikitengenezwa inaweza kuwa njia pekee iliyobaki ya kufungua faili zako.

Jibu la mwalimu linaweza kuwa fupi: "Endelea na njia ya kwanza, jumla isizidi 80,000. Usibadilishe bodi bila kuniuliza. Kapasita utakayoitoa nirudishie, na uniandikie kipimo cha laini kuu baada ya kuitoa." Shoti ikiwa imeondoka, kipimo hicho kitarudi kwenye maelfu ya omu. Kikibaki chini ya omu 1, kuna kipande kingine kibovu, na fundi anapaswa kusema hivyo kabla ya kudai shilingi nyingine.