Kuku wa Maonyesho: Picha Nne za Kukagua Brahma Kabla ya Kulipa

Msimu wa maonyesho ya kilimo unapokaribia, kuku wa aina ya Brahma huuzwa kwa wingi kupitia simu. Mnunuzi hutumiwa picha moja, huona jogoo mkubwa mwenye manyoya miguuni, kisha hutuma pesa. Jogoo anapofika, huenda akawa chotara wa Cochin ambaye mwamuzi atamkataa mara moja, au ambaye vifaranga wake watatoka na sura tofauti. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumkagua kuku huyo kwa picha nne: ya kichwa, ya mgongo, ya mkia, na ya jinsi anavyosimama.

Kigezo ni maelezo yaliyoandikwa na chama cha wafugaji kuhusu umbo, rangi na uzito ambao kuku wa aina fulani anatakiwa kuwa nao. Brahma ana vigezo viwili vinavyotumiwa sana, cha Marekani na cha Uingereza. Kile cha Marekani kimekuwa na Brahma tangu kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1874. Vigezo hivi vinakubaliana katika mambo makuu, lakini si yote. Kwa hivyo kabla ya kujiandikisha, waulize waandalizi wa maonyesho ni kigezo gani kitakachotumika.

Picha ya kichwa

Piga picha kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa jicho la kuku. Brahma ana kilemba kidogo, kifupi, kilicholala juu ya kichwa. Kina mistari mitatu ya vinundu inayotoka mbele kwenda nyuma, na mstari wa kati uko juu kidogo kuliko ile ya kando. Cochin ana kilemba kimoja kilichosimama chenye meno kama msumeno. Kuku mwenye kilemba cha namna hiyo si Brahma wa maonyesho, hata akiwa mkubwa kiasi gani.

Tazama pia juu ya jicho. Mfupa wa paji hujitokeza kidogo, na hilo humfanya Brahma aonekane kana kwamba amekunja uso. Chini ya mdomo, kati ya ndevu mbili nyekundu, kuna ngozi iliyolegea.

Picha ya mgongo

Hapa zinahitajika picha mbili, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni. Ile ya juu huonyesha upana: mgongo wa Brahma ni mpana na bapa kati ya mabega. Ile ya ubavuni huonyesha mstari wa mgongo. Kwa Brahma, mstari huo hunyooka kidogo baada ya shingo, kisha huanza kupanda taratibu kuelekea mkia. Cochin hupanda mapema na kuviringika kama mto wa kulalia uliojazwa pamba.

Usipige picha kuku akiwa ameshikwa mikononi. Mikono huinua manyoya na kuficha mstari huo.

Picha ya mkia

Mkia wa Brahma unaonekana wazi. Ni wa urefu wa wastani, unasimama, na manyoya yake yanatanuka kwenda kando. Ukimtazama kwa nyuma, manyoya hayo yanaachana chini kama herufi V iliyopinduliwa. Mkia wa Cochin ni mfupi na laini, na karibu wote humezwa na manyoya ya mgongo. Ikiwa huwezi kuonyesha kwa kidole mahali mgongo unapoishia na mkia unapoanzia, shuku damu ya Cochin.

Kuku anayebadilisha manyoya hawezi kukaguliwa mkia. Subiri manyoya mapya yakomae.

Picha ya kusimama

Msimamishe kuku kwenye sakafu ngumu iliyofagiliwa, kwa sababu nyasi huficha vidole. Chuchumaa mpaka kamera iwe usawa wa mgongo wake, na jua liwe nyuma yako. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama wima hufupisha miguu, na Brahma mzuri huonekana ameketi chini kama Cochin. Mwache atulie kwanza, kwa kuwa kuku aliyeshtuka hunyoosha shingo na kubana manyoya.

Brahma husimama wima kwa miguu imara iliyoachana, na kifua chake ni kipana. Manyoya hushuka upande wa nje wa mguu na kufunika kidole cha nje na cha kati. Kidole cha kati kikiwa kitupu, hiyo ni kasoro. Tazama pia pale mguu unapopinda. Manyoya magumu yanayochomoza kuelekea nyuma yanamwondoa kuku mashindanoni kwa kigezo cha Marekani, lakini kigezo cha Uingereza huyavumilia ikiwa miguu yote imefunikwa vizuri.

Ngozi ya miguu inatakiwa kuwa ya manjano. Kuku wa kike anayetaga hupoteza manjano hayo polepole, kwa hivyo rangi iliyofifia kwake si ushahidi wa uchotara. Jogoo mwenye miguu myeupe ni jambo lingine; hiyo ni kasoro kubwa.

Mfano

Tuseme mfugaji ametumiwa picha ya jogoo mweupe mwenye mistari myeusi shingoni na mkia mweusi, bei ikiwa shilingi 5,000. Picha imepigwa kutoka juu, kuku akiwa kwenye nyasi. Mfugaji anaomba picha nne. Ya kichwa inaonyesha mistari mitatu, ila wa kati umeinuka sana na umelalia upande mmoja. Ya ubavuni inaonyesha mgongo unaopanda tangu mabegani. Mkia umezama katika manyoya. Kwenye sakafu, kidole cha nje kina manyoya lakini cha kati ni kitupu.

Dalili moja peke yake ingeweza kuwa kasoro ndogo ya Brahma halisi. Nne zikielekea upande mmoja, huyo ni chotara. Anaweza kufaa kwa nyama, lakini si kwa maonyesho wala kwa kuzalisha vifaranga wa maonyesho.

Mambo ambayo picha haionyeshi

Kilemba cha mistari mitatu hushinda kilemba kilichosimama. Kifaranga anayerithi kimoja kwa kila mzazi huonyesha mistari mitatu, ingawa mara nyingi kilemba chake huwa kikubwa na kisicho sawa. Majogoo na kuku wa namna hiyo wakipandishwa wao kwa wao, takriban kifaranga mmoja kati ya wanne hutoka na kilemba kilichosimama. Kwa hivyo unaponunua mbegu ya kuzalisha, omba pia picha za wazazi na za vifaranga waliotangulia.

Picha haipimi uzito pia. Kigezo cha Marekani kinataka jogoo mzima wa Brahma mweupe awe na takriban kilo 5.4, na kuku wa kike kilo 4.3. Brahma hukua polepole, hivyo jogoo wa miezi sita asihukumiwe kwa uzito huo. Muuzaji amwekee kuku mzima kwenye mizani na kupiga picha ya kipimo.

Aliye na shaka baada ya picha hizi azipeleke kwa afisa wa mifugo wa wadi yake kabla ya kulipa.