Slaidi Huhukumiwa Ukumbini

Mtu yeyote anayefundisha taratibu za forodha Busia au Malaba hufika mahali pa kueleza rangi tatu. Tamko la mzigo likishaingia kwenye mfumo hupangiwa njia kulingana na hatari yake. Ikiwa kijani, mzigo unaachiliwa. Ikiwa njano, nyaraka zinakaguliwa kwanza. Ikiwa nyekundu, mzigo wenyewe unafunguliwa na kutazamwa. Kwa wakala wa forodha au dereva wa lori aliye kwenye foleni ya Malaba, kujua amepewa rangi gani ni kujua kama ataondoka leo au atalala hapo. Mwalimu anapoitengenezea slaidi mada hii, mkono humwenda wenyewe: mviringo mwekundu, wa njano na wa kijani, na chini yake maelezo madogo ya kijivu. Kwenye kompyuta yake inapendeza. Lakini watazamaji wake hawataiona kwenye kompyuta. Wataiona mchana, ukutani, wengine wakiwa safu ya nyuma, na miongoni mwao wamo wenye uoni hafifu na wasiotofautisha nyekundu na kijani. Nadai kwamba kwa hawa, kazi ya kuitengeneza slaidi huanza na mwanga wa ukumbi, na rangi hufuata baadaye.

Sababu iko katika namna projekta inavyofanya kazi. Projekta haiwezi kutoa weusi. Inaweza tu kuacha kumulika. Sehemu unayoiona nyeusi ukutani ni sehemu inayopata mwanga wa ukumbi peke yake. Tuchukue mfano. Projekta ya lumeni 3,000 inamulika kitambaa cha upana wa mita 2 na urefu wa mita 1.5, yaani eneo la mita 3 za mraba. Nyeupe yake inapata laksi 1,000. Ikiwa mapazia yako wazi na mwanga wa dirishani unaofika kwenye kitambaa ni laksi 500, jambo la kawaida kabisa mchana, basi sehemu nyeusi ina 500 na sehemu nyeupe ina 1,500. Maandishi meusi juu ya nyeupe, ambayo kwenye kompyuta yana tofauti ya mwangaza ya 21 kwa 1, ukutani yamebaki na 3 kwa 1. Funga mapazia, zima taa zilizo karibu na kitambaa mpaka mwanga wa pembeni ushuke hadi laksi 50, na hesabu inakuwa 1,050 kwa 50. Ile 21 imerudi, na hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa.

Viwango vinavyotumika duniani, vile vya mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C, vinataka maandishi ya kawaida yawe na tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Namba 4.5 haikuokotwa. Ilifikiriwa kwamba mtu mwenye macho mazuri anahitaji 3, na aliyepungukiwa hadi kiwango ambacho madaktari huandika 6/12, yaani anayelazimika kusogea hadi mita 6 kuona kinachoonwa na wengine kutoka mita 12, anahitaji mara moja na nusu ya hiyo. Sasa rudi kwenye ukumbi wenye mapazia wazi. Dari yake ni 3. Hakuna rangi mbili ulimwenguni zitakazompa mtu huyo 4.5 pale, kwa sababu hata nyeusi na nyeupe haziifikii. Hali huwa mbaya zaidi taa ya projekta ikichakaa: maisha ya taa yanayotajwa na watengenezaji kwa kawaida hupimwa hadi mwanga unaposhuka kufikia nusu, na kwa nusu hiyo dari ya ukumbi wetu ni 2 kwa 1. Ndiyo maana namweka mtu wa kufunga mapazia mbele ya mtaalamu wa kuchagua rangi. Ikiwa mapazia hayapo, kitambaa kisogezwe kwenye ukuta ulio mbali na madirisha, mahali ambapo jua haliangukii moja kwa moja.

Mwanga ukishashughulikiwa, rangi zinaanza kuwa na maana. Nyekundu safi, `#FF0000`, na kijani kinachopatikana kwenye safu ya rangi za kawaida za PowerPoint, `#00B050`, zina tofauti ya mwangaza ya takriban 1.4 kwa 1 tu. Anayeziona kama rangi mbili haoni tatizo, kwa kuwa ubongo wake unatumia aina ya rangi kuzitenganisha. Asiyetofautisha nyekundu na kijani amebakiwa na mwangaza peke yake, na mwangaza unamwambia kwamba hizi ni karibu kitu kimoja: miviringo miwili yenye rangi ya udongo, mmoja umekoza kidogo. Wapo pia ambao kwao nyekundu yenyewe hufifia na kukaribia weusi. Andika neno jekundu juu ya mandhari meusi na kwao neno hilo halipo. Kwa watu hao hao, ile nukta nyekundu ya kalamu ya leza ambayo mwalimu huitumia kuonyesha mstari anaouzungumzia haionekani vizuri, kwa hiyo wanasikia "kama mnavyoona hapa" bila kujua hapa ni wapi. Leza ya kijani ni afadhali, na kuutaja mstari kwa jina ni bora zaidi.

Hapa hutolewa pingamizi ambalo lina uzito. Rangi hizi ni za forodha, na mwalimu hana ruhusa ya kuzibadilisha akaweka bluu na chungwa, hata kama bluu na chungwa zinatofautishwa na karibu kila mtu. Ni kweli, na mtu akifika dirishani ataambiwa "umepata nyekundu", si bluu. Lakini hakuna anayelazimisha nyekundu iwe ya mwangaza ule ule wa kijani. Tumia nyekundu iliyokoza, kwa mfano `#8B0000`, ukiacha kijani kama kilivyo, na tofauti inapanda kutoka 1.4 hadi takriban 3.5. Bado ni nyekundu, bado ni kijani, na sasa hata asiyeziona kama rangi anaona moja nzito na moja nyepesi. Njano ibaki kuwa ujazo wenye mstari mweusi pembeni na maandishi meusi ndani yake. Isitumike kamwe kuandika juu ya nyeupe, kwani hapo tofauti haifiki hata 1.1. Kisha andika jina ndani ya kila rangi, NYEKUNDU, NJANO, KIJANI, kwa sababu jina ndilo atakalolisikia dirishani.

Wengine husema madereva wanaendesha kwa taa za barabarani kila siku, hivyo rangi hizi tatu haziwezi kuwashinda. Hoja hiyo ikichunguzwa inaunga mkono upande wangu. Dereva asiyetofautisha nyekundu na kijani anapita salama kwenye taa kwa kuwa nyekundu iko juu siku zote na kijani iko chini. Anasoma mahali. Slaidi ikipanga njia tatu kwa safu, nyekundu juu, njano katikati, kijani chini, na ikabaki hivyo hivyo katika kila slaidi inayofuata, inampa msaada ule ule. Slaidi inayozitawanya kwenye mduara wenye mishale inamnyang'anya. Mpangilio wa safu unamfaa pia mwenye uoni hafifu, ambaye mara nyingi huona sehemu ndogo ya ukuta kwa wakati mmoja, pengine kwa kamera ya simu aliyoivuta karibu. Macho yake yanahitaji ukingo mmoja wa kushoto wa kurudia kila mstari unapoisha. Jina la njia likiwa kushoto na maelezo yake kwenye mstari ule ule, hapotei. Maelezo yakiwa kona nyingine ya slaidi, yakiunganishwa na mshale mwembamba, anapotea.

Linabaki suala la ukubwa wa herufi, na hapa ushauri wa kawaida hautoshi kwa sababu hautaji umbali. Shirika la Afya Duniani huhesabu uoni hafifu kuanzia pale jicho lililo bora, likiwa na miwani, linaposhindwa kufikia 6/18. Mtu aliye kwenye mpaka huo anahitaji herufi kubwa mara tatu ya zile ndogo kabisa zinazosomwa na jicho zima. Tuseme slaidi ya wafanyabiashara wadogo inaeleza kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa za Afrika Mashariki hutumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na sharti hilo limeandikwa kwa pointi 18. Slaidi ya PowerPoint ina kimo cha pointi 540. Ikitandazwa kwenye kitambaa chetu cha mita 1.5, herufi ndogo kama "a" au "o" ya pointi 18 inakuwa na kimo cha takriban milimita 25. Kwa mtu wa 6/18 aliyeketi mita 8 kutoka kwenye kitambaa, anachohitaji ili aanze tu kuitambua ni milimita 35. Haisomi. Ukiikuza hadi pointi 28 anaanza kuitambua, kwa taabu. Ukimketisha mita 4, pointi 28 hiyo hiyo inasomeka bila kukodoa macho, kwani ni zaidi kidogo ya mara mbili ya mpaka wake. Kwa hiyo pointi 28 na viti vya mbele vilivyowekwa wazi kwa anayevihitaji ni jambo moja. Ukiondoa kimoja, kingine hakitoshi.

Mwalimu atasema kwa pointi 28 maelezo yote hayaenei. Hayaenei, na yasilazimishwe. Slaidi ya njia tatu inahitaji majina matatu na sentensi tatu fupi; vifungu vya sheria, orodha ya nyaraka na namba za fomu vina mahali pake kwenye karatasi ambayo msikilizaji ataisogeza karibu na macho yake kadiri anavyotaka. Karatasi hiyo inasaidia pia pale ambapo ukuta hauwezi kumridhisha kila mtu. Mwenye mtoto wa jicho huumizwa na mandhari meupe yanayong'aa, kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya jicho lake, na angependa herufi nyeupe juu ya mandhari meusi. Vivyo hivyo wengi wenye ualbino. Katika ukumbi uliofungwa vizuri mandhari ya rangi nzito yanawezekana. Katika ukumbi wenye mwanga, mandhari hayo hugeuka kuwa ukungu wa kijivu, na hapo nyeupe iliyopunguzwa makali kidogo, yenye herufi nyeusi nene, ndiyo inayobaki kusomeka. Sioni rangi moja itakayomaliza ugomvi huu, na mwandaaji anapaswa kuuliza washiriki mapema wanahitaji nini.

Wapo wanaosema upofu wa rangi ni nadra kwetu. Ni kweli kwamba ile hesabu maarufu ya mwanamume 1 kati ya 12 ni ya watu wa asili ya Ulaya, na tafiti za Afrika hutoa viwango vya chini zaidi. Lakini kwa kuwa hali hii ya kurithi huwapata hasa wanaume, chumba kilichojaa madereva na mawakala, ambao wengi wao ni wanaume, ndicho chumba cha kutarajia kumpata mwenye hali hiyo. Na kuna sababu nyingine inayomgusa kila aliyehudhuria. Karatasi za mafunzo hutolewa nakala, na mashine nyingi za kutoa nakala hutoa nyeusi na nyeupe. Miviringo mitatu ikipita humo inatoka mitatu ya kijivu, na aliyeiona vizuri ukutani hatajua nyumbani ipi ilikuwa ipi. Mashine hiyo hiyo ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote: toa nakala ya slaidi kabla ya siku ya mafunzo, mpe mtu ambaye hajaiona, na umuulize mzigo wa njia gani unafunguliwa. Akisita, slaidi irudi mezani. Kwa mwanga, kaa kiti cha mwisho kabisa saa ile ile ya siku ambayo mafunzo yatafanyika, projekta ikiwaka, na usome mstari mdogo kuliko yote kwa sauti.