Lava Hai Ndani ya Faneli

Choo kibichi cha mwenye safura huwa na mayai. Cha mwenye strongiloidi huwa na lava, kwa kuwa mayai ya mnyoo huyu huanguliwa utumbonini mwa mgonjwa, kabla choo hakijatoka. Lava hao mara nyingi ni wachache, hivyo tone moja kwenye darubini huweza lisionyeshe kitu. Faneli ya Baermann, daktari aliyeibuni mwaka 1917 akitafuta lava wa safura udongoni, hutegemea tabia moja: lava hai hutoka kwenye uchafu na kufuata maji ya uvuguvugu, lakini akishaingia majini hawezi kuogelea kurudi juu, basi huzama.

Mguu wa faneli huvishwa mpira uliobanwa kwa kibano. Juu huwekwa wavu, shashi, kisha gramu 10 hivi za choo. Maji ya nyuzi 37 hadi 40 hujazwa mpaka yaguse choo kwa chini. Baada ya saa mbili kibano hulegezwa, maji machache ya mwanzo hukingwa, huzungushwa kwenye sentrifuji, na mashapo husomwa. Povu la hewa likinaswa kwenye mpira, lava hukwama juu yake, na jibu huwa "hakuna" ilhali wamo. Choo kilichotiwa formalini au kuwekwa kwenye friji hakifai: lava waliokufa au kuzubaa kwa baridi hawashuki.

Mayai ya safura nayo hayatembei. Hayo huoteshwa: choo hupakwa katikati ya ukanda wa karatasi ya chujio, ncha yake ikichovya maji kidogo ndani ya tyubu, ikaachwa kwenye joto la kawaida siku 7 hadi 10. Mayai huanguliwa, lava hukua na kushukia majini.

Mtego mkubwa ni choo kilichochelewa. Choo kilicholetwa Ijumaa kikalala mezani hadi Jumatatu, katika joto la pwani, huwa na lava wa safura waliokwisha kuanguliwa. Msomaji mwenye haraka huandika "strongiloidi". Kinachowatenganisha ni mdomo: tundu la kinywa cha lava mchanga wa safura ni refu, la strongiloidi ni fupi mno. Waliokomaa kwenye tyubu hutazamwa mkia: wa strongiloidi una kipembe kilichokatika nchani, wa safura umechongoka. Kosa hilo si dogo, maana dozi moja ya albendazoli hupunguza safura lakini strongiloidi huitaka ivamektini.

Jibu la "hakuna" halitoshi kwa mara moja. Lava hutoka kwa vipindi, kwa hiyo choo cha siku nyingine hupimwa tena. Na tyubu iliyokomaa haishikwi kwa mkono mtupu: lava hao hupenya ngozi. Kabla ya kumwagwa, maji yake huchemshwa.