Namba inayopanda kila hatua na isifike 3

Mwaka 1690 Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel huko Uswisi, aliandika katika jarida la Acta Eruditorum juu ya swali la mikopo. Mtu amekopesha fedha kwa riba, na riba haingoji mwisho wa mwaka: kila punje ya wakati inapopita, inaongezwa kwenye deni na yenyewe inaanza kuzaa. Mwaka ukiisha, atadai kiasi gani? Bernoulli alijibu kwamba, kama riba ya mwaka ni sawa na mtaji, deni litazidi mtaji mara mbili na nusu, lakini mara tatu halifiki.

Tuipige hesabu hiyo kwa shilingi milioni 1, riba asilimia 100 kwa mwaka. Riba ya kikatili, lakini inarahisisha mambo. Ikihesabiwa mara moja tu, deni ni milioni 2. Ikihesabiwa kila nusu mwaka, kila mara asilimia 50, deni ni 1.5 × 1.5, yaani 2,250,000. Kila mwezi: 2,613,035. Kila siku: 2,714,567. Kila saa: 2,718,127. Kutoka siku hadi saa mkopeshaji amehesabu mara 24 zaidi, na faida aliyoongeza ni shilingi 3,560 tu.

Mwaka ukigawanywa vipande n, kila shilingi inazidishwa kwa 1 + 1/n, mara n. Matokeo yake ni (1 + 1/n)^n, na hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wasemao: n ikiwa kubwa sana, ndani ya mabano inabaki 1, na 1 ukiizidisha kwa 1 hata milele ni 1. Wengine husema: kitu kinachozidi 1, ukikizidisha chenyewe bila kikomo, kitapaa. Kila upande umeshika nusu ya habari. Mabano yanapungua huku kipeo kikikua, kwa hiyo ni lazima kujua nani anamshinda mwenzake, na kwa kiasi gani.

Kifaa tunachokihitaji ni kimoja: ukiwa na namba chanya ambazo jumla yake haibadiliki, zao lake huwa kubwa kuliko yote pale namba zote zinapolingana. Jumla ya 4 na 6 ni 10, zao lake ni 24. 5 na 5 nazo jumla ni 10, lakini zao ni 25. Namba zikiwa nyingi, chukua moja iliyo chini ya wastani na moja iliyo juu yake. Punguza ile kubwa na uongeze ile ndogo kwa kiasi kilekile, mpaka mojawapo ifike kwenye wastani. Jumla imebaki ileile, na zao limekua kwa sababu mbili hizo zimesogeleana. Rudia. Kila hatua inaleta angalau namba moja kwenye wastani, kwa hiyo kazi inakwisha, na mwishoni zote ziko sawa.

Sasa tuthibitishe kwamba mfuatano wetu unapanda. Anza na n = 2. Andika namba tatu: 1.5, 1.5 na 1. Zao lake ni 2.25, jumla yake ni 4. Zisawazishe, kila moja iwe 4/3, na zao linakuwa 64/27, takriban 2.37. Lakini 4/3 ni 1 + 1/3, na tumeizidisha mara tatu: hiyo ndiyo thamani ya mfuatano kwa n = 3! Ujanja wote uko kwenye ile 1 tuliyoichomeka, isiyobadilisha zao lakini inayoongeza idadi.

Kwa n yoyote mambo ni yaleyale. Weka 1 + 1/n mara n, kisha 1. Jumla ni n + 2, namba ziko n + 1, hivyo wastani ni (n + 2)/(n + 1), yaani 1 + 1/(n + 1). Zao baada ya kusawazisha ni kubwa kuliko la kwanza, ndiyo kusema kila hatua ya mfuatano inaizidi iliyotangulia.

Dari nalo linapatikana kwa kifaa hichohicho, na hili ndilo linalonipendeza zaidi. Vitabu vingi hapa hufungua mabano kwa kanuni ndefu, hakuna haja. Chukua 5/6 mara sita, kisha 1. Namba ni saba, jumla ni 6, wastani ni 6/7. Kwa hiyo 5/6 kwa kipeo cha 6 ni ndogo kuliko 6/7 kwa kipeo cha 7. Zigeuze juu chini, na alama inageuka pia: 6/5 kwa kipeo cha 6 inazidi 7/6 kwa kipeo cha 7. Badala ya 5 weka n yoyote, na utaona kwamba (1 + 1/n)^(n+1), wenye kipeo kimoja zaidi, ni mfuatano unaoshuka.

Huu wa pili siku zote uko juu ya ule wa kwanza, maana umezidishwa mara moja zaidi kwa namba inayozidi 1. Kwa n = 5 thamani yake ni 2.985984, na kuanzia hapo unashuka tu. Basi ule wa kwanza, ulio chini yake, haufiki 3 kamwe. Tofauti kati yao ni thamani ya wa kwanza igawanywe kwa n, yaani chini ya 3/n, nayo inayeyuka n inapokua. Mmoja anapanda, mwingine anashuka, na nafasi kati yao inafungwa.

Inafungwa juu ya nini? Swali hili si la kitoto. Mwaka 1858, akifundisha Zurich, Richard Dedekind aliona kwamba hana uthibitisho wa kweli wa jambo ambalo kila mwalimu alilichukulia hivihivi: kinachopanda bila kuvuka mpaka lazima kikaribie thamani fulani. Alichapisha jibu lake mwaka 1872. Kwa namba za sehemu pekee, kama 19/7, jambo hilo si kweli, kwani Euler alionyesha mwaka 1737 kwamba kikomo chetu si sehemu ya namba nzima yoyote. Ni mstari wa namba halisi, usio na matundu, unaotuhakikishia kwamba kikomo kipo. Ndicho kinachoitwa e, herufi aliyoitumia Euler, na thamani yake inaanza 2.718281828.

Kuitafuta e kwa kuongeza n ni kazi ya kuchosha, kwani 3/n hupungua polepole. Tena kuna mtego. Jaribu hii kwenye Python:

```
print((1 + 1/10**15)**(10**15))
```

Jibu litakuwa takriban 3.035. Tumethibitisha kwamba hilo haliwezekani, kwa hiyo mashine imekosea. Inahifadhi tarakimu kama 16 tu, na ile ongezeko ndogo ya 1/10^15 imehifadhiwa ikiwa imezidi kwa asilimia 11. Kosa hilo likazidishwa mara trilioni elfu moja. Weka 10^16 na itakujibu 1, kwa kuwa ongezeko limepotea kabisa. Ukitaka tarakimu za kuaminika, jumlisha 1 + 1 + 1/2 + 1/6 + 1/24 na kuendelea, ukigawanya kipande cha mwisho kwa 5, kisha 6, kisha 7. Ukifika kugawanya kwa 10, utakuwa na 2.7182818, tarakimu zote zikiwa sahihi.