Ukipewa Hisa Zote Ulizoomba

Mwezi Machi mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilitangaza kuuza robo ya Safaricom kwa umma. Hisa bilioni 10 zilitengwa, kila moja kwa shilingi 5 kwa mwananchi wa kawaida. Kiwango cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, maana yake mtu mwenye shilingi 10,000 aliweza kuingia. Foleni zilijaa kwenye benki na ofisi za madalali. Dirisha lilipofungwa Aprili, waombaji walikuwa zaidi ya laki nane, na fedha walizoleta zilikuwa mara kadhaa ya thamani ya hisa zilizokuwapo.

Kilichowasukuma wengi kilikuwa kumbukumbu ya miaka miwili nyuma. Hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ziliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, na siku chache baada ya kuingia Soko la Hisa la Nairobi bei ilikuwa imepanda mara tatu na zaidi. Aliyepata za KenGen aliuza akatia faida mfukoni. Kwa hiyo ilipokuja Safaricom, watu waliuza ng'ombe, wakavunja akiba, wakakopa, wakiamini kwamba toleo la kwanza ni faida ya uhakika.

Tufuate hesabu ya mkopaji mmoja wa mfano. Amechukua mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na kuomba hisa 20,000. Mgao ulipotoka, wananchi wa kawaida walipata takriban asilimia 21 ya walichoomba. Kwa hiyo mtu wetu amepata hisa 4,200 zenye thamani ya shilingi 21,000. Shilingi 79,000 zilizobaki zinapaswa kurudi kwake, lakini zinarudi baada ya wiki nyingi, na muda wote huo riba inahesabiwa kwenye laki nzima. Tuseme amelipa mkopo baada ya miezi mitatu: riba ni shilingi 3,750.

Hisa ziliingia sokoni tarehe 9 Juni 2008, na siku hiyo bei ikapita shilingi 7. Tuseme ameuza kwa 7 kamili. Anapokea 29,400, faida ya 8,400 juu ya alichonunulia. Ondoa ada ya dalali, kama shilingi 600 kwa kiwango cha asilimia 2, kisha ondoa riba. Anabaki na shilingi 4,000 hivi. Hayo ni mapato ya kubeba deni la laki moja, na ni kwa aliyekuwa mwepesi wa kuuza. Wengi hawakuuza, wakisubiri bei ifike ilikofika ya KenGen. Kabla mwaka haujaisha hisa ilikuwa chini ya shilingi 5, na mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya 3. Aliyeuza kwa 3 alipoteza 8,400 kwenye hisa, na riba juu yake.

Angalia sasa jambo ambalo hesabu hiyo inafichua. Bei ilipokuwa tamu, mwombaji alipewa sehemu moja kati ya tano tu ya alichoomba, kwa sababu kila mtu alikuwa anaitaka. Je, nini hutokea toleo lisipopendwa? Uganda ina mfano. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya simu ya MTN Uganda iliuza hisa kwa shilingi 200 za Uganda, na maombi yakafikia kama asilimia 65 tu ya hisa zilizotolewa. Hapakuwa na sababu ya kupunguza mgao wa mtu yeyote. Katika miaka miwili iliyofuata, bei sokoni mara nyingi ilikuwa chini ya ile ya toleo.

Mwaka 1986 mchumi Kevin Rock aliieleza hali hii, na maelezo yake bado ndiyo ninayoyaona ya msingi kuliko yote kwa mnunuzi mdogo. Ni kama mnada wa samaki ufukweni: wachuuzi wanaojua hukimbilia fungu bichi, mgeni akaambulia wawili watatu, fungu lililoanza kulainika hawaligusi, mgeni akabaki nalo lote. Taasisi kubwa na mifuko ya uwekezaji ina wachambuzi wanaopitia vitabu vya kampuni. Wakiona bei ni nafuu, wanaomba kwa wingi na mgao wako unakuwa mdogo. Wakiona ni ghali, wanakaa kando na wewe unapewa zote. Ndiyo maana wastani wa faida za siku ya kwanza unaotajwa kwenye matangazo haukuhusu. Wastani huo unahesabu kana kwamba ulipata kiasi kilekile katika toleo zuri na baya.

Swali la kujiuliza kabla ya kujaza fomu, basi, ni hili: je, ningeridhika kupewa zote nilizoomba, kwa bei hii, na kukaa nazo miaka mitano? Kulijibu kunahitaji waraka wa matarajio, ambao kampuni hulazimika kuutoa baada ya kuidhinishwa na mamlaka ya masoko ya mitaji. Ni mrefu, lakini mambo mawili ndani yake yanatosha kukuanzisha.

La kwanza ni nani anauza. Katika Safaricom muuzaji alikuwa Serikali, na fedha zilizopatikana zilikwenda Hazina. Kampuni yenyewe haikupata hata shilingi ya kujenga mnara. Hilo si kosa, lakini mnunuzi ajue kwamba fedha yake haikuzi biashara. Palipo na mmiliki anayejiondoa, tafuta kwenye waraka anajiondoa kwa sababu gani, na wanaobaki wamezuiwa kuuza hisa zao kwa muda gani.

La pili ni bei dhidi ya faida. Usitazame shilingi 5 kwamba ni ndogo. Safaricom ilikuwa na hisa bilioni 40, kwa hiyo kwa bei hiyo kampuni nzima ilithaminiwa shilingi bilioni 200. Faida yake baada ya kodi, kwa mwaka ulioishia Machi 2007, ilikuwa takriban bilioni 12. Mnunuzi alikuwa analipa faida ya karibu miaka 17. Bei kama hiyo inadai kampuni izidi kukua. Ilipotokea faida ya mwaka ulioishia Machi 2009 ikashuka, tena dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, bei haikuwa na pa kushika.

Hata hivyo Safaricom haikuwa kampuni mbaya. M-Pesa ilienea, faida ikarudi kupanda, na mwaka 2021 hisa ilipita shilingi 40, mbali na gawio la kila mwaka. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe na kuziacha alilipwa vizuri. Ila aliyesubiri miezi michache baada ya toleo alizipata hizohizo kwa shilingi 3, kiasi chochote alichotaka, bila foleni wala kusubiri kurudishiwa fedha.

Kwa maoni yangu, kwa mnunuzi mdogo kusubiri ndilo chaguo la kawaida, na kuomba kunahitaji sababu. Kama umesoma waraka, umeridhika na bei, na fedha ni yako na huihitaji karibuni, omba. Kama hujasoma, fungua akaunti yako kwa dalali mwenye leseni, acha hisa ziingie sokoni, na usubiri taarifa za hesabu mbili za kwanza. Na kama fedha ni ya mkopo, usiombe kabisa.